Mpira Umesogea Kuelekea Wapi? Ushauri kwa Anayehesabu Pasi na Mikimbio ya Kusogeza Mpira Mbele

Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikiandika takwimu za mechi kwa mkono, nikitazama video na kuweka alama mahali kila pasi ilipoanzia na ilipoishia. Katika msimu wa kwanza nilimpelekea kocha jedwali lililoonyesha kwamba beki wetu wa kushoto alikuwa akisogeza mpira mbele kuliko winga aliyecheza mbele yake. Kocha hakubishana nami, bali aliomba tuzitazame pasi zenyewe. Tulizitazama zote, na nyingi zilikuwa za aina moja: mpira uliopigwa kando ya mstari wa pembeni hadi karibu na kibendera cha kona, ambako winga aliupokea akiwa ameligeuzia goli mgongo na kubanwa na mabeki wawili. Sikuwa nimekosea kuhesabu. Kosa lilikuwa katika kanuni niliyoitumia.

Kanuni hiyo ilifanana na ile ambayo wengi wameijua kupitia FBref, tovuti ya takwimu za soka. Huko, pasi ya kusogeza mpira mbele ilikuwa pasi iliyomfikia mchezaji wa timu ya mpigaji na kuusogeza mpira angalau yadi 10, yaani mita 9 na kidogo, kuelekea mstari wa goli la wapinzani, au pasi yoyote iliyofika ndani ya kumi na nane. Pasi zilizoanzia katika asilimia 40 ya uwanja iliyo karibu na goli la mpigaji hazikuhesabiwa. Kukokota mpira kulihesabiwa kwa yadi hizo hizo, ila mkimbio ulioishia katika nusu ya uwanja ya timu yenye mpira uliachwa nje. Ni kanuni nzuri na rahisi kuitumia, lakini angalia kinachopimwa: ni umbali hadi kwenye mstari wa goli, wala si umbali hadi kwenye goli lenyewe.

Tofauti hiyo inaonekana mara moja tukiandika namba. Chukua uwanja wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, x ikiwa mita za urefu na y mita za upana kutoka mstari wa pembeni wa kushoto, timu ikishambulia kuelekea x = 105, na katikati ya goli ikiwa kwenye nukta (105, 34). Umbali wa mpira hadi golini unapatikana hivi:

```
umbali = sqrt((105 - x)^2 + (34 - y)^2)
```

Beki wa kushoto anapiga pasi kutoka (90, 4) hadi (101, 2). Mpira umesogea mita 11 kuelekea mstari wa goli, kwa hiyo kanuni ya yadi 10 inampa alama. Lakini umbali hadi golini ulikuwa mita 33.5 na sasa ni mita 32.2. Faida yote ni mita 1.3, na mpokeaji amebanwa pembeni kuliko alivyokuwa mwenzake aliyempa mpira.

Sasa mtazame winga. Katika shambulizi lingine anapokea mpira kwenye (88, 6), anakata ndani na kuukokota hadi (86, 24), hatua chache nje ya kumi na nane. Kwa kipimo cha mstari wa goli amerudi nyuma mita 2, hivyo hapati kitu. Kwa kipimo cha goli lenyewe, umbali umepungua kutoka mita 32.8 hadi 21.5, yaani mita 11.3, na sasa anaweza kupiga shuti au kumpenyezea mshambuliaji pasi. Mkimbio kama huo ndio uliotupatia nafasi nyingi msimu ule, na jedwali langu halikuwa na hata mmoja.

Tangu hapo ninapima kuelekea goli. Hesabu ninayoipendekeza ni hii: pasi au mkimbio uhesabiwe endapo umepunguza umbali uliobaki hadi golini kwa robo au zaidi. Robo inafaa kuliko mita zisizobadilika, kwa sababu ugumu wa kusogea unaongezeka kadiri lango linavyokaribia. Aliye mita 60 kutoka golini lazima apate mita 15, ilhali aliye mita 24 anahitaji 6. Hata hivyo, robo peke yake inaharibika karibu kabisa na goli, ambapo mchezaji aliye mita 12 atapewa alama kwa kusogea mita 3 tu, jambo ambalo mguso mmoja wa kutuliza mpira unaweza kulifanya. Kwa hiyo ninaongeza sharti la angalau mita 5. Ukitumia sharti hilo, mkimbio wa winga wetu unaingia kwa asilimia 34, na ile pasi ya pembeni inatoka kwa asilimia 4.

Kuna sehemu moja ya kanuni ya FBref ambayo nawasihi msiitupe, kwa kuwa nami niliitupa nikaijutia. Zile yadi 10 hazipimwi kutoka mguuni mwa mpigaji, bali kutoka mahali pa mbele kabisa mpira ulipokuwa umefika katika pasi sita zilizopita. Tuseme kiungo ana mpira kwenye mita ya 60 kutoka mstari wa goli lake, anaurudisha kwa beki kwenye mita ya 45, na beki anampa tena akiwa mita ya 58. Pasi ya beki imekwenda mbele mita 13, lakini timu haijapata uwanja mpya wowote. Ipo nyuma kidogo ya ilipokuwa. Bila kumbukumbu hiyo ya pasi sita, timu inayorudisha mpira mara kwa mara itawajaza mabeki wake sifa ambazo hazipo. Mimi huwa naihifadhi kwa kuandika, kando ya kila tukio, umbali mdogo zaidi hadi golini uliofikiwa katika pasi sita za nyuma.

Jambo ambalo kanuni zote mbili hazilioni vizuri ni mkimbio wa beki wa kati. Akiutoa mpira kutoka mita ya 36 hadi ya 51 katikati ya uwanja, amesogea mita 15, akamlazimisha mshambuliaji amfuate na kiungo wa wapinzani aiache nafasi yake. Kanuni ya FBref inamwacha kwa sababu ameishia katika nusu yake. Robo yangu nayo inamwacha, kwani mita 15 kati ya 69 ni chini kidogo ya asilimia 22. Sikulegeza kanuni kwa ajili yake. Nimemfungulia safu ya pekee, ninapohesabu ni mara ngapi alikokota akaupita mstari wa kwanza wa wapinzani, na safu hiyo siijumlishi na nyingine.

Usilinganishe pia hesabu kutoka vyanzo viwili. Wyscout, kampuni nyingine ya takwimu za soka, inadai mita 30 ikiwa pasi imeanza na kuishia katika nusu ya mpigaji, mita 15 ikiwa imevuka nusu, na mita 10 ikiwa yote imefanyika katika nusu ya wapinzani. Mchezaji yule yule, katika mechi ile ile, atatoka na idadi mbili zilizo mbali.

Mwisho, andika zilizopotea. Hesabu ya pasi zilizofika haiwatenganishi kiungo aliyefikisha 8 katika majaribio 11 na mwenzake aliyefikisha 8 katika majaribio 20. Huyu wa pili ameupoteza mpira mara 12, tena mara nyingi wenzake wakiwa wamekwisha kusogea mbele kuusubiri. Siku hizi jedwali ninalompa kocha lina pasi zilizofika, zilizopotea, na mahali zilipopotelea, na hiyo safu ya tatu ndiyo anayoanza kuisoma.