Kabla hujaagiza kontena la tatu, gawanya kwanza

Nimekusanya mizigo ya wafanyabiashara Deira, Dubai, kwenda Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na hasara iliyoniuma kuliko zote ilikuwa kontena la futi 20 lililosafiri na mita za ujazo 7 tu. Nililipia kontena zima kwa ajili ya mzigo wa mteja mmoja. Karatasi ya mizigo ya siku ile ninayo hadi leo, na ndiyo nitakayoitumia hapa.

Kontena la futi 20 ndani lina kama mita za ujazo 33, lakini maboksi hayakai kama maji. Mimi huhesabu 28, zinazobaki naziachia mapengo. Mzigo wa mteja mmoja siugawi kwenye makontena mawili, kwa sababu ukigawanyika, makaratasi yake bandarini yanakuwa shida na kitu kikipotea hakuna anayejua kilipotelea wapi. Siku ile nilikuwa na wateja sita: 8, 12, 7, 8, 11 na 8.

Utaratibu wangu ni huu. Napanga mizigo kuanzia mkubwa kwenda mdogo, kisha nachukua mmoja mmoja na kuuweka kwenye kontena la kwanza lenye nafasi ya kuutosha. Kama hakuna linalotosha, nafungua jipya. Vitabu vya hesabu vinauita First-Fit Decreasing, kwa kifupi FFD. Ukianza na vidogo, vikubwa vinakuja mwisho wakati kila kontena limeshaliwa kidogo kidogo, ndiyo maana wakubwa wanatangulia.

Basi 12 na 11 zikaingia la kwanza: 23, ikabaki nafasi ya 5. Zile 8 tatu zikaenda la pili: 24, ikabaki 4. Ile 7 haikutosha kokote. Msimamizi wa ghala akaniuliza, "Kaka, niite la tatu?" Nikamwambia aite.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kujumlisha mizigo yote: 54. Gawa kwa 28, unapata 1.93, na kwa kuwa huwezi kukodi vipande vya kontena, inapanda kuwa 2. Hicho ndicho kiwango cha chini: hata upange kwa ustadi gani, huwezi kushuka chini ya makontena 2. Mimi nilikuwa na 3. Tofauti hiyo ya moja ingenifanya nisimame dakika kumi na kalamu.

Tazama nafasi zilizobaki: 5 na 4, jumla 9. Mzigo unaolia ni 7. Kwa hiyo nafasi ipo, ila imevunjika vipande viwili, na kazi ni kuiunganisha. Wanaoharibu ni 12 na 11 waliokaa pamoja, kwa sababu wameacha tano isiyofaa mtu yeyote. Toa 11: 12 inabaki na nafasi ya 16, ambayo ni 8 mbili kamili, 28. Sasa la pili lina 11, 8 na 7, jumla 26. Makontena mawili, basi.

Lakini usidhani kila tofauti ni kosa lako. Safari nyingine nilikuwa na 16, 15, 15 na 5. Jumla 51, kiwango cha chini kinasema 2, nami nikapata 3. Nilihangaika kupanga upya bure kabla ya kugundua kwamba mizigo mitatu inazidi 14, nusu ya kontena, na hakuna miwili kati yao inayoweza kukaa pamoja. Hapo 3 ndiyo jibu. Siku hizi nahesabu mambo mawili kabla ya kuhangaika: jumla gawa kwa 28, na idadi ya mizigo inayozidi nusu. Kubwa kati ya hayo mawili ndilo ninalolinganisha na mpango wangu. Vikilingana, nafunga daftari, maana hakuna cha kuboresha.

FFD yenyewe haikupotezi mbali. Mwaka 2007 mwanahisabati György Dósa alithibitisha kuwa haizidi 11/9 ya idadi bora kabisa, ukiongeza 6/9. Pale ambapo 2 zinatosha, hesabu hiyo inatoa 3.11, kwa hiyo haitakupa 4.

Kitu kimoja ujazo haukwambii ni umbo. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.9 hivi. Mteja aliwahi kuniletea mabomba ya mita 6, ujazo wake hata mita moja haufiki, na kwenye karatasi yalikuwa yameingia vizuri kabisa. Tulijaribu kuyalaza mshazari, lakini nusu ya kontena ilikuwa imeshapakiwa. Sasa safu ya kwanza kwenye karatasi yangu ni upande mrefu wa kila kitu, na chochote kinachozidi mita 5.8 nakitoa kabla sijaanza kupanga.