Ruhusa ya mtihani wa CPA: siku zipi zinakatwa kwenye likizo yako?

> Wadau, mimi ni mhasibu kampuni binafsi hapa Dar, mwaka wa pili kazini. Nimejisajili mitihani ya CPA ya bodi ya wahasibu, NBAA, ya Novemba. Nataka siku za mtihani pamoja na wiki moja ya kujisomea, na bosi wangu ni mgumu. Nina haki gani, na niombeje?

Mkuu, kisheria huna siku hata moja ya mtihani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetaja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya baba aliyepata mtoto, na ile ya kuuguliwa au kufiwa. Ya masomo haimo. Ukiipata ujue imetoka kwenye mkataba wako, au mwongozo wa wafanyakazi, au mkataba wa hali bora kama mna chama cha wafanyakazi, au huruma ya bosi. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, pita utumishi uombe huo mwongozo uusome mwenyewe. Pale nilipokuwa nafanyia CPA yangu kulikuwa na mstari mmoja tu, kwamba mfanyakazi anaweza kupewa ruhusa ya siku za mtihani wa taaluma. "Anaweza" si "atapewa", lakini ulinipa pa kushika.

Ulicho nacho kwa hakika ni likizo ya mwaka: siku 28 kwa kila mzunguko wa miezi 12, ukihesabu tangu ulipoajiriwa na si tangu Januari. Siku hizo ni mfululizo, maana yake Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiangukia ndani zinahesabiwa. Baadhi ya kampuni huhesabu siku za kazi tu, ndiyo maana nakusisitiza usome mwongozo. Jambo jingine: wakati wa kwenda likizo anapanga mwajiri. Hawezi kukunyima likizo yenyewe, ila anaweza kukwambia nenda Desemba.

Kifungu cha 31(2) ndicho wengi hawakijui. Kinasema siku 28 zinaweza kupunguzwa kwa idadi ya siku za ruhusa yenye malipo ulizoomba mwenyewe ndani ya mzunguko huo. Dada mmoja tuliyekaa naye ofisi moja aliambiwa kwa mdomo, "Nenda kafanye mtihani wako, hakuna shida." Akaenda kwa amani. Alipojaza fomu ya kusafiri kwao mwisho wa mwaka akakuta salio limepungua kwa siku zilezile. Alilalamika, lakini hakuwa na karatasi yoyote, na utumishi walikuwa ndani ya sheria. Kwa hiyo usiombe "ruhusa" kwa jumla. Gawanya siku zako mafungu mawili na useme kila fungu linatoka wapi.

Tuseme mitihani yako inaanza Jumanne tarehe 3 Novemba na kuisha Ijumaa tarehe 6, nawe unataka kuanza kusoma Jumatatu tarehe 26 Oktoba. Ukiomba vyote kama likizo ya mwaka, kwa hesabu ya mfululizo zinakwenda siku 12 na unabaki na 16. Ukiomba tarehe 26 Oktoba hadi 2 Novemba kama likizo ya mwaka, zinakwenda 8, unabaki na 20, na zile 4 za mtihani unaziomba kama ruhusa maalum yenye malipo isiyokatwa kwenye likizo. Bosi mgumu hukubali huu mgawanyo kirahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu anaona wiki ya kusoma umeigharamia mwenyewe. Akikataa zile 4, bado unajua bei yake ni siku ngapi. Kama kituo chako kiko mkoa mwingine, ongeza siku ya safari kwenye fungu la kwanza.

Sasa ugumu wenyewe wa bosi wako. Mimi nadhani tatizo lake si mtihani, ni tarehe. Mitihani ya NBAA ni Mei na Novemba, na mara nyingi huangukia mwanzoni mwa mwezi, wakati uhasibu mzima uko kwenye kufunga hesabu za mwezi uliopita. PAYE inatakiwa ifike TRA kabla ya tarehe 7 kupita. Ukimpelekea ombi lisilogusa hayo, anachosoma ni kwamba unamwachia mzigo.

Mimi niliambatanisha ukurasa mmoja wenye kazi zangu zote za kipindi hicho, na mbele ya kila kazi nikaandika moja kati ya mambo matatu: naimaliza kabla, anaishika fulani, au inanisubiri. Kwa mfano wako, mishahara ya Oktoba inaweza kuwa tayari kabla ya tarehe 26, na hesabu ya PAYE ukaiacha imekamilika, imebaki kuwasilishwa na kulipwa. Ulinganisho wa benki wa Oktoba hauwezi kuisha kabla mwezi haujaisha, huo lazima ushikwe na mtu. Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20, utakuwa umerudi, inakusubiri. Huyo "fulani" muombe kwanza yeye, akubali, ndipo uandike jina lake. Meneja wangu aliusoma ule ukurasa akauliza swali moja tu: "Nani ana tokeni ya benki?" Kama mnalipa kwa mtandao na wewe ndiye unayeandaa malipo, hilo swali linakuja. Mbadala wako aandaliwe akaunti yake mwenyewe mapema; usimwachie nywila yako.

Barua yenyewe iwe fupi. Kitu kama hiki kinatosha:

"Naomba likizo ya mwaka kuanzia tarehe 26 Oktoba hadi tarehe 2 Novemba, na ruhusa maalum yenye malipo tarehe 3 hadi 6 Novemba kwa ajili ya mitihani ya CPA. Naomba siku za ruhusa maalum zisikatwe kwenye likizo yangu. Nimeambatanisha uthibitisho wa usajili, ratiba ya mitihani na mpango wa makabidhiano. Naomba jibu kwa maandishi."

Hayo ya kufaulu kwako kutainufaisha kampuni usiyajazie kurasa, bosi anayajua. Na ipeleke sasa, umeshajisajili unasubiri nini? Ratiba kamili ikitoka utaiongezea. Akikujibu "tutaona", mwandikie barua pepe siku hiyohiyo ukimkumbusha mlichozungumza na ukitaja tarehe, nakala kwa utumishi.

Akikataa wiki ya kusoma, pigania siku za mtihani kwanza. Kama huna karatasi kila siku, omba siku za karatasi zako tu na urudi ofisini siku ya katikati. Nimeona mameneja wakilainika hapo. Halafu omba kutoka saa tisa alasiri kwa wiki mbili za mwisho, ukifidia kwa kuingia mapema. Kwa mitihani ya nyuma, karatasi moja ya muda wa saa tatu kila jioni inatosha kukuonyesha wapi unachechemea.

Kitu kimoja usikiguse ni ED ya kutengeneza, ile karatasi ya daktari ya mapumziko. Mahudhurio ya mtihani yanasainiwa, na ukishafaulu utataka hiyo CPA iingie kwenye faili lako la utumishi. Udanganyifu mkubwa unamfukuzisha mtu kazi, na kwa mhasibu hilo ni doa baya kuliko kufeli karatasi zote.

Ukishajibiwa, ingia kwenye mfumo au fomu ya likizo uangalie wameandika aina gani ya likizo kwa zile siku 4. Kama zimeandikwa "ya mwaka", rekebisheni kabla hujaondoka.