Kabla ya kuandika y au en, tazama neno linalofungua fungu

Nilipokuwa kidato cha tatu nilirudishiwa zoezi la Kifaransa lenye sentensi kumi za kuandikwa upya, fungu la maneno lililopigiwa mstari likibadilishwa kwa kiwakilishi y au en, nami nilikuwa nimepata tatu. Kosa lililonisumbua zaidi lilikuwa katika sentensi «Je reviens du marché», ambayo niliigeuza kuwa «J'y reviens» kwa sababu nilikwisha kukariri kwamba y ni ya mahali, na soko ni mahali. Mwalimu hakuandika maelezo yoyote. Alizungushia duara neno du, basi. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba sentensi yangu ilikuwa Kifaransa sahihi kabisa, ila ilisema kwamba narudi huko sokoni, ilhali sentensi ya awali ilisema kwamba natoka huko. Jibu lilikuwa «J'en reviens».

Tangu hapo sianzi tena na maana. Naanza na neno linalofungua fungu lililopigiwa mstari. Likiwa ni de au sura zake, yaani du, de la, de l', des, d', naelekea kwenye en. Likiwa ni à, au, aux, au kihusishi cha mahali kama dans, sur au chez, naelekea kwenye y. Kitenzi jouer kinaonyesha jambo hili vizuri: «Je joue au football» huwa «J'y joue», lakini «Je joue de la guitare» huwa «J'en joue», ingawa kwa Kiswahili mpira tunaucheza na gitaa tunalipiga bila kihusishi chochote. Mtego mmoja wa kuudhi ni kihusishi en chenyewe: «Nous habitons en France» huwa «Nous y habitons», kwa kuwa en hiyo inataja mahali mtu alipo.

Fungu likifunguliwa na le, la au les, y na en hazihusiki. «Je lis le livre de ma sœur», ikiwa mstari umepita chini ya fungu zima kuanzia le, huwa «Je le lis». De iliyojificha katikati isikupotoshe.

Kiasi ndicho kinachopoteza alama nyingi, nacho kinastahili kutazamwa kwa utulivu. Chukua sentensi «Nous avons acheté deux kilos de riz». Kinachobadilishwa ni de riz peke yake. Kipimo kinabaki mwishoni: «Nous en avons acheté deux kilos». Vivyo hivyo «J'ai trois cahiers» huwa «J'en ai trois», na «J'ai quelques cahiers» huwa «J'en ai quelques-uns». Mswahili hana sababu ya kushangaa hapa, kwani ukiulizwa kama una vitabu hujibu «nina vitatu» tu, bali waweza kusema «ninavyo vitatu»: -vyo inarejelea vitabu, na idadi inafuata. Ukiandika «J'ai trois», umeiacha -vyo nje. Katika ukanushi idadi haipo, kwa hiyo «Je n'ai pas de cahier» huwa «Je n'en ai pas».

Lugha yetu hiyo hiyo, hata hivyo, hutuponza katika suala la nafasi. Sisi husema ni-me-ki-soma: kiambishi cha wakati kwanza, kisha kiambishi cha kitu, kikiwa kimegusana na mzizi. Kwa mazoea hayo niliandika «Nous avons en acheté», nikidhani avons ni kama -me-. Kifaransa hukiweka kiwakilishi kabla ya kitenzi kisaidizi: «J'y suis allé», «Je n'y suis pas allé». Kukiwa na kitenzi kisicho na nafsi, kiwakilishi hukitangulia hicho: «Je veux y aller», kama ambavyo ki hukaa ndani ya kukisoma. Amri ya kukubali ndiyo pekee inayokirudisha nyuma, kwa kistari, na hapo vas na manges huhifadhi herufi s kwa ajili ya matamshi: «Vas-y», «Manges-en».

Watu wana sheria yao. «Je réponds à la lettre» huwa «J'y réponds», lakini «Je réponds à ma mère» huwa «Je lui réponds», na «Je parle de ma mère» huwa «Je parle d'elle». Isipokuwa kama watu wanahesabiwa: «J'ai trois frères» huwa «J'en ai trois», sawa na madaftari.

Na ukikutana na «J'irai au marché», usiandike «J'y irai». Sauti mbili za i hazivumiliani, hivyo y huachwa, na jibu linakuwa «J'irai» tupu. Nilipoliona jibu hilo mara ya kwanza kwenye daftari la mwenzangu, nilidhani amesahau kumalizia.