Mtungi wa maji shilingi mia: nani aliyenyonya?

"Wakati wa yale mafuriko, huku kwetu Kisauni, Mombasa, kijana wa mkokoteni alikuwa akiuza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 100, na petroli ikauzwa 400 kwa lita kando ya barabara. Watu walimtukana mpaka akakimbia. Mwenyewe alisema hiyo ndiyo bei ya soko. Nani ana haki hapa?"

Ndugu, nina kisima cha pampu na tangi upande wa Mtopanga, na mvua za Novemba 2023 zilinikuta nikiuza maji. Kwa hiyo nitajibu kwa hesabu, tena nyingine zitaniuma mwenyewe.

Siku za kawaida nauza mtungi shilingi 5 kisimani. Kijana wa mkokoteni ananunua kwangu, anasukuma, anauza 20 mlangoni kwa mtu. Kwa siku anapiga safari nane za mitungi ishirini, yaani mitungi 160, na anabaki na 2,400 kabla ya kulipa kodi ya mkokoteni na kumgawia mwenzake anayesukuma nyuma.

Mvua ikaja, barabara ikawa mto wa tope. Safari nane zikawa tatu, na mitungi ishirini ikawa kumi na miwili, maana ikizidi hapo gurudumu linazama. Mitungi 36 kwa siku. Ili apate zile 2,400 zake alihitaji kubaki na karibu shilingi 67 kwa kila mtungi. Ukiongeza bei ya kununulia, hata angenunua kwa 10, anafika 77. Yaani 80 ingekuwa bei ya kawaida kabisa kwa kazi ile, na bado hujahesabu hatari ya kukanyaga msumari ndani ya maji ya vyoo.

Sasa mbona aliuza 100? Kwa sababu aliponunua kwangu nilimuuzia 50. Amebaki na 50 kwa mtungi, mara 36, ni 1,800. Alipata pungufu ya siku ya kawaida, na matusi juu.

Mimi je? Stima ilikatika jioni, na tangi langu la lita 5,000 lilikuwa limejaa tangu asubuhi. Maji yale yalinigharimu chini ya nusu shilingi kwa mtungi. Nikasikia visima vya jirani vimeingiwa na maji ya vyoo, changu kina ukingo mrefu kikapona, nikapandisha bei usiku uleule. Mitungi 250, kila mmoja nimezidisha 45. Hiyo ni 11,250 niliyoipata kwa kukaa kitini. Hakuna tone lililoongezeka Kisauni kwa sababu ya bei yangu.

Hapo ndipo hoja ya soko inapogawanyika. Bei kubwa ina kazi moja ya maana, kumvuta mtu alete kitu ambacho kisingekuja. Ile 100 ya mlangoni ilifanya kazi hiyo. Siku ya pili niliona mikokoteni mitatu kutoka Bombolulu ambayo siku zote haifiki kwetu, na bei ikashuka hadi 70 bila ya mtu kupigwa. Kama mngemlazimisha yule kijana auze 20, angeegesha mkokoteni alale, na nani angemlaumu? Lakini 50 yangu haikumvuta mtu yeyote. Kisima hakichimbwi kwa siku mbili.

Nilipoishiwa na tangi ilibidi niwashe genereta, na hapa petroli inaingia. Bei ya juu kabisa ya kituoni hupangwa na EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na petroli, kila tarehe 14 ya mwezi, na wakati ule Mombasa ilikuwa zaidi kidogo ya 210. Kituo hakiruhusiwi kuzidisha, mafuriko au kiangazi. Matokeo yake, waliowahi na madumu walikomba kituo cha karibu asubuhi, saa sita bomba likafungwa, na yale yale mafuta yakaonekana kando ya barabara kwa 400. Ukiniuliza, huyo muuzaji wa petroli simweki pamoja na kijana wa mkokoteni. Hakuyatoa mbali kuyaleta kwenye shida, aliyatoa pale pale penye shida akayauza upya.

Lita za mwanzo nilizonunua kwake zilikuwa na maji. Genereta ikakohoa ikazima. Tangu siku hiyo namimina kwanza kwenye chupa nyeupe na kuiacha itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini na mstari unauona.

Sasa hata kwa petroli ya 400, genereta yangu inakula lita moja na robo kwa saa, na pampu inatoa lita 2,000 kwa saa, mitungi mia. Shilingi 500 kwa mitungi mia ni shilingi 5 kwa mtungi. Nikipandisha kutoka 5 hadi 10 nimefidia gharama yote. Hiyo arubaini ya juu ilikuwa shida za watu tu.

Mwaka 1986 Daniel Kahneman na wenzake wawili, Jack Knetsch na Richard Thaler, waliwauliza watu kule Kanada kuhusu duka lililouza koleo la theluji kwa dola 15, kisha likapandisha hadi 20 asubuhi baada ya dhoruba. Asilimia 82 walisema si haki. Lakini gharama ya muuzaji inapopanda, watu hao hao humkubalia apandishe. Sisi tulio Waislamu tunalijua hili kwa njia nyingine. Mtume alipoombwa apange bei sokoni alikataa, na bado aliyehodhi chakula akingoja ghali aliitwa mkosaji. Bei iache, anayefungia mzigo mshike.

Kuna jambo ambalo hesabu hailioni. Siku ya pili mwenye nyumba ya ghorofa alinunua mitungi arubaini kwa ile 50 bila ya kuuliza, na nikamwona kijana wake anasafisha tope la gari. Mama muuza chapati alinunua miwili, ana mtoto anaharisha, akasimama akihesabu sarafu. Soko lilisema yule wa gari anayahitaji zaidi. Na yule mama alikubali bei, ndiyo, lakini chaguo lake la pili lilikuwa kisima chenye kinyesi. Kukubali kwa namna hiyo sikuiti mapatano.

Siku ya tatu nilibadilisha: mitungi miwili ya kwanza kwa kila nyumba 10, inayozidi 40. Kukicha nyumba moja imeleta watoto watano, kila mmoja na mitungi yake miwili. Ikabidi mzee wa mtaa akae kitini langoni, yeye anazijua nyumba. Ikatulia. Kisha watu wa msikitini wakalipia petroli ya siku mbili, wakaipata ya bei ya kituo upande wa kisiwani, kama 1,600 kwa siku. Nikapiga pampu saa sita, mitungi 600 kila siku, na kila mtu akachota bure. Ndivyo Seyyidna Uthman alivyofanya na kisima cha Ruma Madina, alikinunua akakitoa kwa watu, hakumpangia mwenyewe bei.

Kwa hiyo aliyenyonya ni mimi, ile siku ya tangi. Yule kijana nimemwambia, akacheka. Mama wa chapati sijaweza kumwambia. Mwanawe anapita langoni kwangu kila asubuhi na mtungi, anakwenda kuchota kisima cha mbele.