Saa yangu iliandikwa mita 30, ikafia bafuni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, saa yangu ina maandishi ya 30M, Jumamosi naenda kuogelea Bagamoyo. Niivue?" Nikacheka, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka ya kwangu.

Ilikuwa zawadi ya baba. Nyuma imeandikwa 3 BAR, ambayo ni sawa na hiyo 30M. Nikajiaminisha kwamba mwenye mita 30 haogopi bafu. Kila asubuhi nilioga nayo kwa maji ya moto na sabuni. Mwezi wa nane nikaona ukungu chini ya kioo, ukatoweka mchana, kesho yake ukarudi. Nikaupuuza. Fundi alipofungua mfuniko, mashine ilikuwa na kutu, na ule mpira mwembamba unaoziba mfuniko umekakamaa, unakatika mkononi. Bado inaniuma.

Zile mita si kina cha kuzamia. Ni kiasi cha presha ambayo saa mpya ilihimili kiwandani, imetulia, kwenye maji ya kawaida. Chini ya kanuni ya kimataifa ya saa za kawaida, ISO 22810, si lazima hata kila saa ipimwe, sampuli zinatosha. Saa za wapiga mbizi, za ISO 6425, ndizo zinazopimwa moja moja.

Tena bafuni presha ni ndogo kuliko unavyodhani. Bar ni kipimo cha presha, na kila mita 10 za kimo cha maji ni bar 1, kwa hiyo tangi lililo mita 4 juu ya bomba linakupa bar 0.4 tu. Kilichoniulia saa si presha. Joto hutanua chuma, kioo na mpira kwa viwango tofauti, sabuni hudhoofisha mpira, na mvuke hupenya pale ambapo tone la maji lingekwama. Kisha saa ikipoa, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta unyevu.

Basi nawaambia, na mnisikilize: 30M ni ya kunawa mikono, mvua na wudhu, mradi kitufe cha pembeni kimesukumwa ndani kabisa. 50M inaweza kuogelea kidogo, ikiwa mpya. Kwa bahari tafuta 100M, na ukitoka uisuuze chumvi kwa maji baridi. Maji ya moto, hata ya 200M ivue. Vijana hamsikii, najua, nami sikusikia.

Na ukibadilisha betri kwa fundi wa kibandani asiye na mashine ya kupimia presha, ile namba iliyochongwa nyuma ihesabu imefutika. Mwambie aweke mpira mpya, aupake grisi ya silikoni.

Yule msomaji nilimuuliza betri alibadilisha lini. Mwaka jana, stendi, akisubiri basi. Nikamjibu aiache nyumbani.