Njiti mia mezani: nilivyojifunza kuwaeleza wanachama kodi ya zuio

Msimu wa kwanza chama chetu cha ushirika kilipokatwa kodi ya zuio kwenye mauzo ya mazao, mimi mhazini nilisimama mbele ya wanachama nikasema maneno ambayo mpaka leo nayajutia: "Ndugu wanachama, msiwe na wasiwasi, ni asilimia 2 tu." Nikaketi. Malipo ya pili, yale ya mwisho baada ya mazao kuuzwa, yakatoka, na kabla wiki haijaisha nilikuwa nimeshaitwa mwizi, kwa adabu na bila adabu.

Aliyenibana kwa hesabu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwanachama wa siku nyingi. Alikuja ofisini na karatasi mbili: tangazo la makadirio nililobandika mimi mwenyewe, na hati yake ya malipo. Akaniambia, "Mwanangu, ulisema mbili. Mjukuu wangu amepiga hesabu, mimi nimepungukiwa saba. Hizo tano zimekwenda wapi?" Nikazipitia karatasi zake mara tatu. Mjukuu hakukosea, na fedha hazikuibwa. Tatizo lilikuwa lile neno langu "tu".

Ukiwa mhazini wa chama cha ushirika na unajiandaa kwa mkutano wa aina hii, anza pale pale alipoanzia yule mama. Asilimia 2 ya nini?

Mnunuzi anapokilipa chama, anazuia kodi kwenye thamani yote ya mauzo kabla hakijakatwa kitu kingine. Hajali mmetumia kiasi gani kwa magunia, ghala na usafiri, wala hajui kwamba mwanachama alishapokea malipo ya awali siku alipoleta mzigo. Anaipeleka kodi kwa mamlaka ya mapato na kuwatumia ninyi kilichobaki. Mwanachama naye hatazami mauzo yote. Anatazama malipo ya pili, maana ndiyo fedha anayoisubiri, na kodi nzima inaangukia kwenye kipande hicho kidogo cha mwisho. Malipo ya awali hayawezi kupunguzwa tena, yalishatumika zamani.

Mwaka uliofuata niliacha hotuba nikaenda mkutanoni na kiberiti. Nilipanga njiti 100 mezani, nikawaambia hizi ndizo fedha zote alizotoa mnunuzi kwa mazao yetu. Nikatoa njiti 60: haya ni malipo ya awali, mlishakula. Nikatoa 12: usafiri, ghala, magunia na uendeshaji wa chama. Mezani zikabaki 28, nikauliza hizi ni za nani. Ukumbi mzima ukajibu, "Zetu!" Ndipo nikachukua njiti mbili, nikaziweka pembeni peke yake. Zikabaki 26.

Njiti mbili katika mia ni asilimia 2, lakini mbili katika ishirini na nane ni zaidi kidogo ya asilimia 7. Nilinyamaza nikawaacha wazitazame. Kiwango cha kwenu kinaweza kuwa kingine, na makato yenu yakawa mengine, kwa hiyo panga njiti kwa hesabu za chama chako. Utaratibu ni ule ule: kadiri malipo ya awali yalivyokuwa makubwa, ndivyo kodi inavyolikata pengo kubwa zaidi kwenye malipo ya pili.

Baada ya hapo lilikuja swali ambalo sikulitegemea. Kijana mmoja akasema, "Mheshimiwa mhazini, saba nimeielewa. Lakini mimi nimepungukiwa 20." Naye alikuwa sahihi. Tuseme mzigo wake uliuzwa kwa 50,000. Alishapokea 30,000 za awali, gharama zikachukua 6,000, na bila kodi angebakiwa na 14,000. Lakini alikopa pembejeo za 9,000, na mkopo hukatwa kwenye malipo ya pili. Mkononi angepata 5,000. Kodi ya mzigo wake ni 1,000, kwa hiyo akapata 4,000. Jirani yake aliyeleta mzigo wa thamani ile ile bila kukopa alitegemea 14,000, akapata 13,000. Wote wawili wamekatwa 1,000 ile ile, ila mmoja ameona tone na mwingine ameona ndoo. Kwa sababu hiyo usitaje kamwe asilimia moja ya upungufu kwa mkutano mzima. Taja kiasi cha kodi kwa kila mia ya mauzo, kisha kila mtu asome mstari wake.

Bei ikishuka mambo huwa magumu zaidi, na ni heri waambiwe mapema. Chukua zile zile njiti, lakini safari hii mnunuzi ametoa 80 kwa mzigo ule ule. Malipo ya awali ni 60, yalishatolewa. Gharama ni 12, maana lori halishushi nauli kwa sababu bei ya mazao imeshuka. Zinabaki 8. Kodi ya asilimia 2 ya 80 ni 1.6, kwa hiyo malipo ya pili yanakuwa 6.4. Moja ya tano ya malipo ya pili imekwenda kwenye kodi, ingawa kiwango hakikupanda hata kidogo. Kodi hii hukatwa kwenye mauzo, haiulizi kama mmepata faida. Tangu nilipoyaona hayo, makadirio ninayobandika ukutani huwa yameshatolewa kodi. Afadhali wanachama wakasirike mwezi wa makadirio kuliko siku ya malipo.

Jambo jingine dogo lililonisaidia sana ni mpangilio wa hati ya malipo. Zamani kodi niliificha, bila nia mbaya, ndani ya mstari ulioitwa "makato mengine". Mstari huo ni mama wa fitina zote. Sasa hati inaanza na kilo na daraja la mazao, inafuata thamani ya mauzo, na chini yake hapo hapo kodi ya zuio. Gharama, malipo ya awali na mkopo vinakuja baadaye. Mwanachama anaona kodi ikiwa jirani ya namba iliyoizaa, na anaweza kuihakiki hata kwa kuandika mchangani. Igawe kwa thamani ya mzigo wa kila mmoja, usiigawe kwa kilo. Aliyeleta daraja la chini akikatwa kwa kilo, anamlipia kodi aliyeleta daraja la juu.

Sasa nirudi kwenye zile njiti mbili nilizoziweka pembeni. Mzee mmoja aliyekaa mbele alizinyooshea fimbo akauliza, "Na hizo zina risiti?" Nadhani hilo ndilo lilikuwa swali bora la siku ile.

Risiti yake ni hati ya kodi ya zuio, ambayo mnunuzi anapaswa kuitoa kwa kila malipo aliyoyakata. Bila hati hiyo, njiti mbili ni maneno matupu. Ikifika, kaa nayo pamoja na ankara yenu na taarifa ya benki. Ankara ukitoa kodi iliyo kwenye hati, jibu liwe sawa na kilichoingia benki. Lisipokuwa sawa, mara nyingi utakuta mnunuzi amekata kodi kwenye uzito wa kabla ya kupunguza unyevu, au amechanganya nauli mliyoilipia ninyi ndani ya thamani ya mazao. Kisha soma jina na namba ya mlipakodi, tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, kodi yenu inaweza kukaa kwenye akaunti ya mtu mwingine.

Hata hati ikiwa safi, hakikisha fedha zimefika. Sisi tulikuwa na mnunuzi aliyetukata vizuri kabisa, hati akawa anaahidi kuituma kesho. Nilipokwenda kuomba taarifa ya akaunti yetu ya kodi, malipo yale hayakuwepo. Alikuwa ametuzuilia, akakaa nazo. Tulimwandikia barua tukaambatanisha ankara na taarifa ya benki, nakala tukaipeleka ofisi ya kodi, na hati ikapatikana. Siku hizi mkataba wa mauzo una sharti la tarehe ya kuleta hati, na mimi siufungi msimu kabla sijaiona kodi kwenye taarifa.

Halafu kuna jambo ambalo wahazini wengi tunalikosea, mimi nikiwa wa kwanza. Uliza ofisi ya kodi kama makato haya ni kodi ya mwisho au ni malipo ya mbele ya kodi ya mwaka. Ikiwa ni ya mwisho, imekwenda, hesabu imefungwa. Ikiwa ni malipo ya mbele, zile njiti ni fedha zenu zilizo mikononi mwa serikali, zinazosubiri kulinganishwa na kodi halisi ya chama mwisho wa mwaka. Mwaka wa kwanza niliiandika kodi yote kwenye gharama. Ilipolinganishwa, kodi ya chama ilipungua sana, na nafuu ile ikaingia kwenye mfuko wa jumla. Wakafaidi hata waliokuwa hawajaleta gunia moja msimu ule. Mkaguzi ndiye aliyenionesha kwamba kiasi kile kilipaswa kukaa upande wa wadaiwa, kwa jina la msimu wake, ili kikirudi kigawiwe kwa orodha ya waliokatwa.

Hapo tahadhari. Usiwaahidi wanachama kiasi chochote mpaka ofisi ya kodi imeukubali ulinganisho kwa maandishi. Nafuu inaweza kuja pungufu, na huwa inachelewa. Usithubutu kuitanguliza kutoka kwenye fedha za msimu mpya.

Hakikisha pia, kabla ya kumlipa mwanachama, kama chama nacho kinatakiwa kuzuia kodi kwenye malipo yake. Jibu linategemea kama mnauza kwa niaba yake au mmeyanunua mazao yake kisha mkayauza kama yenu, na katiba ya chama iseme hivyo waziwazi. Ikikaa kimya, mzigo mmoja unaweza kukatwa kodi mara mbili, na wa kuyajibu hayo utakuwa wewe.

Yule mama alirudi msimu uliofuata na hati yake. Hakunisalimia kwanza kama kawaida yake. Aliweka kidole kwenye mstari wa kodi, akakishusha mpaka kwenye malipo ya pili, midomo ikihesabu kimya. Kisha akaniuliza orodha ya watakaorudishiwa imebandikwa wapi, na kama jina la marehemu mumewe, aliyeleta mzigo ule wa mwaka wa kwanza, limo. Halikuwamo. Nililiandika mbele yake, nikaweka kwenye faili lake nakala ya barua ya msimamizi wa mirathi.