Bibi aliniuliza "Hii ni nini?" ndipo nikasoma kichupa

Swali: "Mwezi ujao naanza kazi wadini, na nimeambiwa mwenzako asipofika unaunganisha zamu mbili. Dada na kaka mlio kazini, mtu anajuaje kwamba amechoka kiasi cha kukosea dawa? Na akijua, afanye nini?"

Mdogo wangu, mara nyingi hujui. Dalili zinakuwapo, lakini anayetakiwa kuzisoma ndiye huyo huyo aliyechoka. Nitakueleza yaliyonikuta nikiwa na miaka 4 kazini, wadi ya wanawake, katika hospitali moja hapa Mombasa.

Siku hiyo niliamka saa 11 alfajiri nikaingia zamu ya mchana. Magharibi mwenzangu wa usiku akapiga simu: yuko Likoni, mtoto wake ameshikwa na degedege, hawezi kuvuka. Nikasema nitabaki. Hakuna aliyenilazimisha, na nisikufiche, pesa za ovataimu nilizitaka.

Mpaka saa 6 usiku nilikuwa mzima. Kuanzia saa 9 mambo yakaanza kuteleza. Niliandika tarehe ya jana kwenye karatasi mbili za dawa. Nilisoma agizo moja la daktari mara tatu na bado sikulishika. Nilifika kitanda cha 2 nikasimama pale, sikumbuki nimefuata nini. Kila mara nilijiambia ni usingizi tu, nikaenda kunywa chai ya tangawizi.

Saa 11 kasoro, adhana ya alfajiri haijatoka, nikaamua kutayarisha dawa za saa 12 mapema ili nipate kukaa. Kitanda cha 4 kulikuwa na bibi mmoja mwenye nimonia, anachomwa seftriaksoni gramu 1 kwenye mshipa. Ile ni dawa ya unga, unaiyeyusha kwa mililita 10 za maji ya sindano kisha unaisukuma polepole, kama dakika 3 hivi. Kitanda cha 6 kulikuwa na mama aliyeharisha mpaka potasiamu ikashuka. Yeye alitakiwa kutiliwa kichupa kimoja cha potasiamu kloraidi kwenye dripu ya mililita 500.

Nikaviweka vyote kwenye sinia moja. Kosa la kwanza lilikuwa hilo, na nililifanya ili nisirudi kabatini mara mbili.

Sasa vitazame vile vichupa, cha maji ya sindano na cha potasiamu. Vyote viwili ni vya plastiki, vya mililita 10, vyeupe vya kuona ndani, vina kishingo cha kuvunja kwa kukizungusha, na ndani kila kimoja kina kitu kama maji. Tofauti yao ni maandishi. Nikachukua kimoja, nikavunja, nikavuta kwa bomba, nikatia kwenye unga, nikatikisa. Ukaniyeyukia vizuri. Usidhani dawa ingegoma au ingebadilika rangi ili kukuonya. Kwa macho huoni kitu.

Nikaenda kwa bibi. Nikafungua kizibo cha kanula, nikafunga bomba. Bibi huyu alikuwa na mtindo mmoja uliokuwa ukituchosha sote: hachomwi mpaka aambiwe anachomwa nini.

"Mwanangu, na hii ni nini?"

"Ni ile ile yako ya kifua, bibi."

"Nionyeshe."

Nikavuta pumzi kwa hasira, nakubali. Nikachukua kile kichupa kitupu kwenye sinia ili nimsomee upesi tumalizane. Nikafungua mdomo niseme "maji ya sindano", ulimi ukatamka "potasiamu". Nikanyamaza. Nikakisogeza kwenye taa nikasoma tena. Potasiamu kloraidi, asilimia 15.

Nikafungua bomba kutoka kwenye kanula. Mikono ilikuwa inatetemeka hata kile kizibo nikakidondosha. Bibi akaniuliza, "Kulikoni?" Nikamwambia ukweli: nilikuwa nimekosea, haijaingia hata tone, nakwenda kutayarisha nyingine. Akanitazama, akasema, "Basi kaa kwanza."

Ujue nilichokuwa nimeshika. Kichupa kile kina milimoli 20 za potasiamu. Wadini tunaiingiza kwa milimoli 10 kwa saa, kwa hiyo kichupa kimoja kinachukua saa 2, tena kikiwa kimechanganywa kwenye dripu na mfuko umepinduliwa mara kadhaa ili isijikusanye chini. Mimi nilikuwa niisukume kwa dakika 3. Hiyo ni kasi mara 40. Angelalamika mkono unawaka moto, na huenda ningedhani ni kanula imeharibika. Baada ya hapo mapigo ya moyo yanavurugika, na moyo unaweza kusimama kabla hujamaliza kuita mtu.

Kwa nini jicho halikuona? Kwa sababu sikusoma, nilitambua. Nilikuwa natafuta maji, nikakuta kichupa chenye umbo la maji, akili ikajaza iliyobaki. Mtu aliyelala vya kutosha naye hufanya hivyo, ila yeye hurudi akahakiki. Uchovu unachokuibia ni kule kurudi. Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 1997 ulioonyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 anakaribia 0.10. Mimi nilikuwa nakaribia saa 24. Polisi wangenipima kwa alkoblo nisipatikane na kitu!

Sasa swali lako la pili. Mimi siku hizi nikijikuta nimesoma mstari mmoja mara mbili bila kuushika, au nimekosea tarehe, sibishani na nafsi yangu. Naenda kwa mkubwa wa zamu namwambia, "Sista, macho yangu hayasomi, dawa za mshipa naomba unisimamie." Mara ya kwanza niliona aibu. Dawa zenyewe nasoma kwa sauti, mara tatu: nikichukua, nikivuta, na kabla ya kusukuma. Chupa tupu haitupwi mpaka dawa iwe imeingia. Na sinia moja ni ya mgonjwa mmoja, hata nikirudi kabatini mara kumi.

Ukimwita mwenzako ahakiki, usimwambie jibu. Ukisema "Hebu ona, haya ni maji, sivyo?" atasema ndiyo, maana naye kachoka na umeshampa cha kuona. Mpe kichupa, nyamaza, mwambie, "Nisomee." Halafu alinganishe na karatasi mwenyewe. Hapo tu ndipo macho yanakuwa manne.

Asubuhi ile niliandika kwenye kitabu cha matukio. Swali la kwanza la mkubwa lilikuwa "Nani alikuwa zamu?", nikajua naitwa kujitetea au kutolewa. Lakini la pili lilikuwa zuri zaidi: "Na potasiamu inafanya nini kwenye droo moja na maji?" Kweli, ilikuwa droo moja, kisanduku kando ya kisanduku. Wiki ile ile ikaondolewa wadini. Sasa ukiitaka unaifuata famasia kwa jina la mgonjwa, kichupa kimoja kimoja. Inaudhi usiku, nami nimeshalalamika, lakini hata niwe nimechoka vipi siwezi kuokota kisichokuwapo.

Baada ya kukabidhi zamu nikapanda matatu nishuke Bamburi. Nilishtuka kondakta ananigonga bega: "Sista, hapa Mtwapa."